Uzi: Mtoto anasoma kifungu, lakini muhtasari wake ni sentensi zilezile za kitabuni. Nianzie wapi?

Shangazi Mtu

Habari za jioni wanajukwaa. Nakaa na mpwa wangu wa miaka 11. Kusoma kunamtoa jasho, ila akijikaza anafika mwisho wa aya. Shida inaanza akiambiwa "fupisha kwa maneno yako mwenyewe." Anachukua sentensi ya kwanza, anakata mkia, anaruka moja, anachukua inayofuata, basi, kazi imekwisha. Ukimkataza kunakili anabaki ameishika kalamu tu, haandiki kitu.

Kifungu cha juzi ni hiki:

"Popo wengi huwinda wadudu usiku, wakati ambapo macho hayawasaidii sana. Ili kujua mdudu yuko wapi, popo hutoa sauti nyembamba mno ambazo masikio ya binadamu hayawezi kuzisikia. Sauti hizo zikimgonga mdudu, hurudi kama mwangwi. Kadiri mwangwi unavyochelewa kurudi, ndivyo mdudu alivyo mbali zaidi. Hata hivyo, baadhi ya nondo wana uwezo wa kuzisikia sauti hizo, na hujiangusha ghafla kabla popo hajawafikia."

Na yeye akaandika hivi:

"Popo wengi huwinda wadudu usiku. Popo hutoa sauti nyembamba mno. Sauti hizo zikimgonga mdudu, hurudi kama mwangwi. Baadhi ya nondo wana uwezo wa kuzisikia sauti hizo."

Nikamwambia hayo si maneno yako. Akanijibu, "Lakini shangazi, ndivyo ilivyoandikwa." Sikuwa na la kumjibu. Naomba mwenye uzoefu anielekeze.

Jabali77

Dada, hapo tatizo ni msamiati. Mtoto hana maneno ya kubadilishia. Mpe kamusi, mfundishe visawe: huwinda aandike husaka, ghafla aandike mara moja, wengi aandike walio wengi. Halafu mfundishe kugeuza kauli. "Popo huwinda wadudu" iwe "wadudu huwindwa na popo." Akizoea hivyo, hakuna mwalimu atakayesema amenakili.

Mwalimu wa Zamu

Shangazi, nakusalimu. Nimefundisha ufahamu na ufupisho kwa miaka mingi, hasa kwa watoto ambao kusoma kwao ni kwa taabu, kwa hiyo niruhusu niandike kwa kirefu kidogo.

Kwanza nianze na ndugu Jabali. Msamiati ni kweli una nafasi yake, na nitaurudia. Lakini hebu tufanye ulivyosema: "Popo walio wengi huwasaka wadudu nyakati za usiku, muda ambao macho hayawafaidii sana." Hiyo ni sentensi ileile imevalishwa nguo nyingine. Haikupungua hata neno moja, imeongezeka. Na mtoto anaweza kuifanya kazi hiyo yote, kamusi mkononi, bila kujua popo anafanya nini gizani. Kugeuza kauli ndiyo hatari zaidi, maana msomaji dhaifu akishaanza kucheza na kutenda na kutendwa, mara nyingi anamgeuza na mtendaji, tunaishia nondo kula popo.

Sasa nitazame alichoandika mpwa wako. Watu wengi wanatazama alichonakili, mimi natazama alichokiacha. Amechukua sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano, zote zimekatwa isipokuwa ya tatu, aliyoibeba nzima. Ya nne hakuigusa kabisa, na hiyo ya nne ndiyo moyo wa kifungu: namna popo anavyojua umbali. Ina "kadiri... ndivyo", ina kuchelewa na kuwa mbali vikienda pamoja. Mtoto anayenakili huruka pale asipoelewa, kwa sababu hata kukata mkia wa sentensi kunataka ujue mkia uko wapi. Kwa hiyo kunakili kwake kumeshakuambia kitu: sentensi nne amezipitia kwa macho, moja imemshinda, na bado hatujui kama zile nne anazielewa.

Kabla hujamfundisha lolote, fanya jaribio hili. Chukua kifungu kingine cha ugumu uleule ambacho hajakisoma, umsomee wewe kwa sauti, taratibu, mara mbili. Yeye asikilize tu, asione maandishi. Kisha mwambie akusimulie. Akisimulia vizuri, basi akili yake inafupisha bila shida, na kinachomlemea ni kusoma kwenyewe: nguvu zote zinaishia kwenye kutamka silabi, maana haipati pa kukaa. Asiposimulia hata baada ya kusomewa, tatizo liko kwenye maana yenyewe, iwe ni maneno asiyoyajua au namna mambo yanavyoungana. Hizo ni njia mbili tofauti za kumsaidia, na ukikosea njia mtazunguka palepale.

Halafu mwache asome mwenyewe kwa sauti kifungu cha maneno kama 100, uhesabu anapokwama au anaposoma neno silo. Akizidi 10, kifungu hicho ni kigumu kwake kwa kazi ya ufupisho. Mtafutieni chepesi zaidi, au msomee wewe kisha yeye afupishe. Usimfundishe vitu viwili vigumu kwa wakati mmoja.

Chuo_Kimya

Uzi huu umekuja wakati mzuri. Mimi naandika tasnifu, na msimamizi amenirudishia sura ya pili akisema nimechukua mno maneno ya watu. Nadhani jibu kwa mtoto ni lilelile: aweke alama za kunukuu, ataje mwandishi na ukurasa. Hapo hata akinakili atakuwa salama.

Mwalimu wa Zamu

Ndugu yangu, wewe unaulizwa uaminifu, na huyo mtoto anaulizwa uelewa. Akiweka alama za kunukuu kwenye sentensi zake nne, bado hatutajua kama ameelewa kifungu. Ila na wewe jaribu hili: funga makala, mweleze rafiki asiye wa fani yako alichosema mwandishi, kisha andika ulivyomweleza, na chanzo bado ukitaje. Sura nyingi za pili huharibika kwa sababu mtu anaandika huku ukurasa wa mwenzake uko wazi pembeni.

Shangazi Mtu

Ahsante sana mwalimu. Nimefanya kama ulivyosema.

Kwenye maneno 100 alikwama mara chache tu, haikufika 10. Ila anakwama kwenye maneno marefu ya vitenzi. "Kuzisikia" alisoma "kusikia", "hayawasaidii" akaisoma "hayasaidii" na kuendelea mbele.

Nilipomsomea kifungu kingine, cha mchwa na kichuguu chao, alisimulia vizuri kabisa, hata mimi nilishangaa. Lakini tuliporudi kwenye popo, baada ya kukisoma mwenyewe na mimi kukifunika, alisema hivi, neno kwa neno:

"Popo anapiga kelele. Kelele inamgonga mdudu. Halafu anasikia, anakimbia."

Akanyamaza. Je, hapo ameelewa au hajaelewa?

Mwalimu wa Zamu

Nusu. Na nusu iliyokosekana inaonekana kwenye sentensi ya mwisho. "Anasikia, anakimbia." Nani anasikia? Popo anausikia mwangwi, nondo anaisikia sauti ya popo, wote wawili wanasikia. Nani anakimbia? Kwa lugha yetu popo ni a-, mdudu ni a-, nondo ni a-, kwa hiyo mtoto anaweza kuficha kutoelewa kwake ndani ya hiyo "a" moja na sisi tukampigia makofi.

Na ulichokiona kwenye kusoma kwake kinaeleza chanzo. Aliposoma "kusikia" badala ya "kuzisikia", hiyo "zi" aliyoimeza ndiyo iliyokuwa inamwambia kwamba kinachosikiwa ni zile sauti. Vivyo hivyo "hayawasaidii": bila "wa" hajui macho hayamsaidii nani. Mtu anayesoma kwa taabu hupata mzizi wa kitenzi na kuangusha vipande vya katikati, na Kiswahili kimeweka watu wote na vitu vyote kwenye vipande hivyo. Kwa hiyo mnaposoma, akifika kwenye kitenzi kirefu mzuie hapo. Mwandikie kando: ku-zi-sikia. Muulize, "zi ni kina nani?" Arudi nyuma ya sentensi akitafute. Vitenzi viwili au vitatu kwa aya vinatosha, ukimsimamisha kila neno atachukia.

Sasa kazi yenyewe. Fanyeni hivi kwa kifungu hichohicho, msihame.

Rudini kwenye masimulizi yake ya mdomo, wewe ukiwa msikilizaji asiyejua kitu. Akisema "anasikia", muulize "nani?" Akisema "anakimbia", muulize "nani, na kwa nini?" Usimpe jibu, na hasa usimpe neno. Wasaidizi wengi huharibu hapa: mtoto akisita kidogo wanammalizia sentensi, naye anaiandika. Hapo amenakili tena, safari hii ananakili kutoka kwako.

Kisha nendeni kwenye sentensi ya nne. Muulize, "Mwangwi ukirudi haraka, mdudu yuko karibu au mbali?" Ninatarajia atabahatisha. Akikosea, msimsomee tena sentensi, mara ya tatu na ya nne haitamsaidia. Chukueni mpira. Asimame karibu na ukuta aurushe urudi, kisha asogee mbali, aurushe kwa nguvu ileile. Muulize upi umekawia. Halafu rudini kwenye popo.

Mwisho achore. Popo, mdudu, mshale wa kwenda, mshale wa kurudi, na nondo anayeanguka. Asiandike sentensi kwenye mchoro, ila neno mojamoja tu. Kifungu kikifunikwa, mchoro ubaki wazi, aandike kutoka kwenye mchoro. Picha haina sentensi za kunakili, hiyo ndiyo faida yake.

Bi Herufi

Naomba kutofautiana kidogo na mwalimu. Mimi nawasaidia watoto ambao kusoma kwao kuna ugumu wa kudumu, na si uvivu wala uchanga. Suala la kufunika kifungu linanitia wasiwasi.

Mtoto ambaye kumbukumbu yake ya muda mfupi ni ndogo, ukimfunikia kifungu unampima kumbukumbu, humpimi ufupisho. Nimeona mara nyingi kinachotokea: akiogopa kunakili anatunga. Anaandika kwamba popo ana macho makubwa, au anakula nyuki, mambo ambayo kifungu hakikusema. Kisha anakaripiwa mara ya pili. Afadhali kifungu kibaki wazi, lakini msaidizi amfundishe kukata: hili ni mfano, liondoke, hili limerudiwa, liondoke, hili na hili na lile yaungane kwa neno moja linaloyabeba yote. Akishabakiwa na kidogo ndipo abadilishe maneno.

Mwalimu wa Zamu

Bi Herufi, shikamoo, nimekusikia. Kutunga baada ya kufunikiwa nimekuona na mimi. Ndiyo maana nasema mchoro ubaki wazi, na kifungu kirudishwe baadaye. Lakini kukata pekee ndiko anakokufanya huyu mtoto tayari. Muhtasari wake wa kwanza ni kukata kutupu: alikata "wakati ambapo macho hayawasaidii sana", akakata "ambazo masikio ya binadamu hayawezi kuzisikia." Kukata anakuweza. Asichoweza ni kuunganisha vilivyobaki, na kuunganisha kunahitaji maana itoke kwenye sentensi za kitabu iingie kichwani. Kifungu kikiwa wazi mbele yake, jicho litarudi hukohuko kwa sababu ndiko kwenye usalama.

Hata hivyo, kwa mtoto wako wa kumbukumbu ndogo nakubali: funika aya moja kwa wakati, hata sentensi mbili tu, na umruhusu afunue atazame kisha afunike tena kabla ya kuandika. Akishaishika kalamu, kifungu kimefunikwa. Akitaka kutazama, kalamu iwekwe chini. Kanuni hiyo moja nimeona inatosha.

Bi Herufi

Marahaba mwanangu. Hiyo ya kalamu chini nitaijaribu. Ila bado nasema kwa baadhi yao hata sentensi mbili zitapotea kati ya kufunika na kuandika. Kwa hao mimi nitaendelea kuacha maandishi wazi na kuwaandikia mimi wanachokisema kwa mdomo, maana kuandika kwenyewe kunawala nguvu. Wanasema, mimi naandika bila kuwasahihisha, kisha tunasoma pamoja walichosema.

Mwalimu wa Zamu

Kuwaandikia ni njia njema kabisa, na kwa Shangazi pia inafaa siku ambayo mtoto amechoka. Sharti tu uandike alivyosema yeye, na makosa yake, bila kumpambia.

Jabali77

Nimeelewa hoja ya mwalimu kuhusu visawe, ahsante. Lakini nina maswali mawili ya dhati. La kwanza, kuna maneno huwezi kuyabadilisha. Popo ni popo. Mwangwi utauitaje? Je, akiandika "mwangwi" amenakili? La pili, nitajuaje mimi mzazi kwamba hapa kanakili na hapa hakunakili? Kuna kipimo?

Mwalimu wa Zamu

Swali la kwanza: majina ya vitu, majina ya watu, tarakimu na istilahi vinabaki kama vilivyo. Popo abaki popo, nondo abaki nondo. Mwangwi naye anaweza kubaki, ila mtoto akijua kuueleza, "sauti inayorudi", ni ushahidi mzuri zaidi. Mwambie mapema ni maneno gani anaruhusiwa kuyachukua, hata myaandike pembeni ya karatasi: popo, mdudu, nondo, mwangwi. Watoto wengi wanaoganda wakiambiwa wasinakili wanadhani kila neno la kifungu limepigwa marufuku, na hakuna binadamu anayeweza kufupisha habari za popo bila neno popo.

Swali la pili: wengine hutazama kama kuna maneno manne au matano yanayofuatana sawasawa na ya kifungu. Kwa Kiswahili nashauri uwe mkali zaidi, hata matatu yatazame, kwa sababu neno letu moja linabeba mengi. "Sauti hizo zikimgonga mdudu" ni maneno manne tu, lakini ni wazo zima na muundo wake. Lakini kipimo hicho ni cha karatasi. Kipimo ninachokiamini zaidi ni swali ambalo jibu lake halimo kwenye kifungu kwa maneno hayohayo. Kwa mfano: "Je, popo akitoa sauti bila kusikia mwangwi wowote, ina maana gani?" Au: "Nondo asiyesikia sauti hizo atapatwa na nini?" Aliyenakili atatafuta sentensi ya kujibia, macho yatarudi kwenye karatasi. Aliyeelewa ataangalia juu na kufikiri.

Shangazi Mtu

Nimerudi na matokeo. Samahani kwa urefu.

Kwenye "nani anasikia?" alijibu "popo", kisha akasita, akasema "hapana, nondo", kisha akaomba kukitazama tena kifungu. Alikwenda mwenyewe kwenye "kuzisikia" na kuisoma yote sawasawa. Akasema, "Wote wanasikia, lakini popo anasikia ikirudi, nondo anasikia ikija." Sikuwa nimemwambia hivyo.

Kwenye mwangwi ukirudi haraka alisema mdudu yuko mbali. Nilipomuuliza kwa nini akasema kwa sababu sauti ina nguvu, inakwenda kasi. Kumbe alikuwa na fikra yake, hakuwa anabahatisha. Tukaenda ukutani na mpira. Alirusha karibu, akarusha mbali, akarudia mwenyewe bila kuambiwa. Kisha akasema, "Mpira ukirudi chapu, ukuta uko karibu. Basi kelele ikirudi chapu, mdudu yuko karibu."

Akachora, tukafunika kifungu, akaandika haya:

"Popo hawaoni vizuri usiku kwa hiyo wanapiga kelele ili wajue mdudu yuko wapi. Kelele ikirudi haraka mdudu yuko karibu. Nondo wengine wanaisikia ikija wanajiangusha ili wasiliwe."

Mwalimu, Bi Herufi, naomba mnikagulie.

Mwalimu wa Zamu

Tazama sentensi ya pili. Kitabu kimesema mwangwi ukichelewa, mdudu yuko mbali. Yeye ameandika ukirudi haraka, mdudu yuko karibu. Ameligeuza upande wa pili na limebaki kweli. Huwezi kufanya hivyo kwa kamusi wala kwa kukata mikia. Tena ni ile sentensi aliyokuwa ameiruka.

Sasa rudisheni kifungu, na hapa ndipo kinapotakiwa kurudi: mkague ukweli. Yeye ndiye akague, sentensi moja ya kwake kwa wakati, akiuliza "hiki kimesemwa?" Kuna sehemu moja ya kuangalia. Ameandika popo hawaoni vizuri usiku. Kifungu kimesema usiku macho hayawasaidii sana. Si kitu kimoja kabisa: la kwanza linalaumu macho ya popo, la pili linasema habari ya giza. Muulize tu, "Shida ni macho au ni giza?" halafu mwache arekebishe mwenyewe.

Bi Herufi

Na "kelele" je? Kifungu kinasema ni sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii. Kelele ni kitu kinachokera masikio ya watu. Hapo maana imepotea, mimi ningemrudisha.

Mwalimu wa Zamu

Mimi ningeiacha. "Kelele" ni neno lake, ndilo lililombeba tangu mwanzo wa masimulizi, na kwamba binadamu hasikii ni jambo la pembeni kwenye hoja ya kifungu. Ukianza kumtoa neno lake na kumrudishia la kitabu, kesho atakwenda moja kwa moja kwenye la kitabu.

Bi Herufi

Muhtasari unaobadilisha ukweli si muhtasari, hata ukiwa wa maneno ya mtoto. Ningemuuliza, "Ukiwa nje usiku unaisikia hiyo kelele?" Akisema hapana, atafute neno mwenyewe. Hapo sijampa la kitabu.

Jabali77

Mimi nipo na Bi Herufi kwa hilo. Na swali lake ni la kirafiki.

Baba Pacha

Samahani kuingilia. Wangu ana shida ya kinyume. Hanakili hata neno, ila muhtasari wake ni "Kifungu hiki kinazungumzia popo na maisha yake." Basi. Kila kifungu anaandika hivyohivyo, kinazungumzia mbu, kinazungumzia mvua. Mwalimu wake anampa alama kwa sababu ni maneno yake mwenyewe.

Mwalimu wa Zamu

Baba Pacha, huyo ametaja mada, hajasema kilichosemwa juu ya mada. Mpigie marufuku "kinazungumzia", "kinahusu" na "kinaeleza kuhusu" kwa muda. Sentensi yake ianze na mhusika mwenyewe na kitenzi chake: "Popo hu..." Halafu umpe kikomo cha maneno kama 10 hadi 15 kwa aya. Kikomo kinafanya kazi pande zote mbili: anayenakili hawezi kurundika sentensi za kitabu moja baada ya nyingine, na wako hawezi kukwepa kwa maneno saba. Majina kama popo na nondo mhesabu kila moja kama neno moja, msibishane hapo.

Na muulize swali hili kila mara: "Kabla ya kusoma hukujua nini kuhusu popo, na sasa unajua?" Jibu lake ndilo linaloingia kwenye muhtasari.

Baba Pacha

Na kama tayari alikuwa anayajua?

Mwalimu wa Zamu

Basi mbadilishie kifungu. Anayejua habari tayari ataandika anachojua yeye, si kilichoandikwa, na hutaweza kuona tofauti. Kwa mazoezi haya chagueni mada ambayo maneno yake anayajua lakini habari yenyewe ni mpya.

Shangazi Mtu

Nimemuuliza yote mawili. Kwenye macho au giza, amebadilisha: "Usiku ni giza kwa hiyo popo wanapiga kelele..." Kwenye swali la Bi Herufi alifikiri sana, akasema, "Ni kelele ya popo peke yao." Akaandika "kelele ambayo watu hawaisikii." Sasa ni ndefu kidogo lakini nimeiacha.

Swali langu la mwisho: wiki ijayo wanaanza vifungu vya aya tatu na nne. Nifunike aya zote kwa pamoja?

Mwalimu wa Zamu

Hapana. Aya moja, mchoro mmoja au maneno machache, sentensi moja yake. Ikiisha, aya inayofuata. Mwisho atakuwa na sentensi tatu au nne ambazo ni zake, na hapo ndipo wengi husimama wakidhani wamemaliza. Bado. Sentensi hizo zikiwa zimetengana hivyo ni orodha tu, hazionyeshi aya ya pili inahusiana vipi na ya kwanza. Mwambie azisome kwa sauti, kisha kati ya kila mbili aweke neno la kuunganisha: kwa hiyo, lakini, kwa sababu, baada ya hapo. Akishindwa kuchagua kati ya "kwa hiyo" na "lakini", rudini kwenye kifungu, maana kuna uhusiano ambao hajauona. Kwenye popo wenu ulikuwa "hata hivyo" ya nondo.

Tarajia pia kwamba kwenye kifungu kirefu kunakili kutarudi, hasa kwenye aya ya mwisho akiwa amechoka. Ikitokea hivyo, mwandikie wewe anachokisema, kama alivyoeleza Bi Herufi, na kesho yake mwendelee na aya hiyo peke yake.

Bi Herufi

Na aya ya kwanza kila mara ianze kwa wewe kumsomea, Shangazi, mpaka avizoee vitenzi virefu. Mambo ya mchwa alisimulia vizuri kwa sababu hakuwa anapambana na herufi.

Chuo_Kimya

Nimemweleza mwenzangu chumbani sura yangu ya pili bila kutazama makala. Nimeweza kueleza waandishi wawili tu kati ya wote niliowataja. Narudi kusoma.